Jedwali la Hoja na Majibu

Maoni ya wahakiki juu ya mswada hayaji kila mara katika sura iliyo tayari kujibiwa. Mengine huja kwa barua iliyopigwa chapa na kutiwa namba. Mengine huandikwa kwa penseli katika pambizo za mswada wenyewe, mshale hapa, alama ya kuuliza pale, na neno moja kali chini ya ukurasa. Mhariri aliye mbali na mwandishi huweza kuzipiga picha kurasa hizo kwa simu akazipeleka kama zilivyo. Hapo mwandishi hupokea picha, wala hapokei orodha. Kati ya picha na jibu ipo kazi ambayo ni nadra kufundishwa, nayo ni kuyageuza yaliyoonekana kuwa jedwali, ambalo upande mmoja lina hoja ya mhakiki, na upande wa pili lina jibu ambalo mwandishi amekusudia kulitoa. Kwa sura yake kazi hii ni ya ukarani. Walakini ndani yake huamuliwa kama mwandishi atajibu alichoulizwa, au atajibu swali jingine lililo rahisi zaidi.

Mfano mmoja utatosha kuidhihirisha kazi yenyewe. Mwalimu mmoja wa lugha aliandika makala ya kurasa 22 juu ya upatanisho wa majina ya viumbe hai ambayo umbo lake halibadiliki katika umoja na wingi, kama ndugu, jirani, ng'ombe na mbuzi. Majina hayo yana tabia ya kustaajabisha. Mbele ya kitenzi hupatana kama majina ya watu: ndugu amefika, ndugu wamefika. Lakini kimilikishi chake hutoka katika ngeli nyingine: ndugu yangu amefika, ndugu zangu wamefika. Katika sentensi ya maneno matatu jina moja limetii sheria mbili. Mwalimu huyo alikusanya sentensi 240 kutoka katika magazeti na hadithi zilizochapwa, akazipanga, akazihesabu, na mwisho akahitimisha kwamba hivyo ndivyo Waswahili wote wasemavyo.

Makala ilisomwa na wahakiki wawili. Wa kwanza aliandika barua ya kurasa 2 yenye hoja 9 zenye namba. Wa pili hakuandika barua. Alichukua penseli akauandika mswada, na katika kurasa 12 aliacha alama 23. Mhariri alizipiga picha kurasa zote 14, akazituma kwa simu, akaongeza maneno machache: makala yahitaji marekebisho makubwa, na muda uliotolewa ni siku 30.

Jambo la kwanza lilikuwa picha zenyewe. Picha zinazopelekwa kwa simu kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa ili zisafiri upesi, na kinachopotea kwanza ni kile kilicho hafifu, yaani penseli. Wino uliochapwa husomeka. Alama ya penseli hugeuka kivuli. Kwa hivi mwalimu alimwomba mhariri azipeleke upya kama hati, si kama picha, ili zifike kwa ukubwa wake wa asili. Aliomba pia kila ukurasa upigwe peke yake. Ombi hilo lina hesabu nyuma yake. Kamera ya simu yenye nukta milioni 12 hutoa picha ya nukta 4000 kwa 3000 hivi. Ukurasa mmoja wa milimita 210 kwa 297 ukiijaza picha hiyo hupata nukta 340 hivi kwa kila inchi. Kurasa mbili zikilazwa bega kwa bega, kiasi hicho hushuka hadi 240 hivi. Programu zinazosoma maandishi kutoka katika picha hufanya kazi vizuri zaidi kuanzia nukta 300 kwa inchi, na jicho la mwanadamu likitafuta ncha ya penseli nalo hufurahia ziada hiyo.

Picha zilipofika mara ya pili, hazikuguswa. Ziliwekwa mahali pamoja kama zilivyokuja, na nakala zake zikapewa majina mapya. Jina ambalo simu huipa picha mara nyingi ni tarehe au namba tu, nalo halisemi lolote juu ya mhakiki wala ukurasa. Mwalimu aliziita za barua B1 na B2, na za mswada M kwa namba ya ukurasa: M04, M07, M11, na kadhalika. Kwa kufanya hivyo aligundua jambo ambalo asingeligundua kwa kuzitazama tu. Ukurasa wa 9 ulikuwa na mshale wa penseli uliotoka katika mstari wa tano ukaenda kuliani hata ukingo wa picha, na hapo picha ikakatika. Mwisho wa mshale haukuonekana. Huenda palikuwa na neno moja, huenda palikuwa na aya nzima. Mtu mwenye haraka angeliuhesabu mshale huo kuwa mkwaruzo. Mwalimu aliuhesabu kuwa hoja isiyojulikana, akauandikia namba, na akamwandikia mhariri kuuliza.

Baada ya hayo ilikuja kazi ya kunakili. Barua ya mhakiki wa kwanza ilikuwa ya chapa, na kwa chapa mashine yafaa. Programu iitwayo `tesseract`, ambayo hutolewa bure, hujua Kiswahili ikiwa itaambiwa. Isipoambiwa, huchukulia kuwa inasoma Kiingereza, na hapo maneno ya Kiswahili hupindishwa kuelekea lugha isiyo yake. Amri yake ni fupi:

```
tesseract B1.jpg B1 -l swa
```

Matokeo huandikwa katika faili liitwalo `B1.txt`, na hayo hayana budi kusomwa neno kwa neno mbele ya picha, kwa maana mashine huweza kuiangusha alama ya juu katika ng'ombe au kuzigawa silabi za kitenzi kirefu. Ama kwa penseli ya mhakiki wa pili, mashine ya namna hiyo haikuwa na msaada. Programu iliyofunzwa herufi za chapa ikipewa mwandiko wa mkono hutoa mchanganyiko wa herufi usio na maana, na pengine, jambo lililo baya zaidi, hutoa neno lenye maana ambalo halikuandikwa. Alama zote 23 zilinakiliwa kwa mkono.

Katika Kiswahili kunakili huko ni kwa hatari kuliko kunavyodhaniwa, kwa sababu ukanushi wa lugha hii hukaa mahali padogo sana. Silabi moja mwanzoni mwa kitenzi hutenga utatosha na hautatosha. Herufi moja hutenga ni na si. Katika ukurasa wa 11, karibu na mfano usemao kiongozi wetu amefika, mhakiki alikuwa ameandika maneno sita, na la tatu lilikuwa limefifia: "Mfano huu (ni? si?) wa ngeli hii." Likisomwa ni, mhakiki anaunga mkono, likisomwa si, anapinga. Mwalimu hakuliamua neno hilo kwa kupenda kwake. Aliutazama mfano wenyewe. Wingi wa kiongozi ni viongozi, na umbo la jina hubadilika. Basi halimo katika kundi la majina yasiyobadilika ambalo makala ililihusu, ingawa linapatana kama mtu. Maana ilielekea kwenye si. Hata hivyo aliliandika ndani ya mabano pamoja na alama ya kuuliza, na hilo likawa swali lake la pili kwa mhariri. Neno lililokisiwa likiandikwa bila alama, baada ya siku tatu hakuna akumbukaye kuwa lilikisiwa.

Jambo jingine lilijitokeza katika kunakili, nalo halikuwa la macho bali la moyo. Utaratibu wa majarida mengi ni kwamba mwandishi asimjue mhakiki. Barua ya chapa huulinda utaratibu huo. Mwandiko wa mkono huuvunja. Mwalimu alipoona jinsi herufi g ilivyokunjwa mkia na jinsi mistari ilivyopanda kuelekea kulia, alianza kudhani kuwa anamfahamu mwenye mkono huo, mtu mzima katika taaluma, ambaye waliwahi kutofautiana hadharani. Tangu wakati huo kila alama ya kuuliza ilianza kuonekana kama dharau. Alama ya kuuliza katika ukurasa wa 7 haikuwa imebadilika. Aliyebadilika ni msomaji wake. Maneno hayo yalipohamishwa kutoka katika penseli hadi katika herufi za chapa za jedwali, bila mkia wa g na bila mistari ya kupanda, yalirudi kuwa maswali. Baadhi yake yalikuwa maswali mazuri. Kwa sababu hiyo katika jedwali mhakiki hana budi kuwa namba tu, na picha zisifunguliwe tena ila pale neno linapohitaji kuhakikishwa.

Ndipo ikafika kazi ya kupanga. Kosa lililo jepesi hapa ni kufanya kila sentensi ya mhakiki kuwa mstari mmoja wa jedwali. Mstari wa jedwali ni wa hoja, si wa sentensi. Namba ya 4 ya mhakiki wa kwanza ilisomeka hivi: "Mifano yote imetoka katika magazeti na hadithi zilizochapwa, miaka yake haikutajwa, na majina ya wanyama yamehesabiwa pamoja na majina ya jamaa; itawezekanaje basi kusema kuwa hivi ndivyo wasemavyo Waswahili?" Sentensi ni moja, hoja ni tatu. Ya kwanza ni kwamba ushahidi ni wa maandishi, hali hitimisho ni la usemi. Ya pili ni kwamba miaka ya matini haikutajwa. Ya tatu ni kwamba vitu viwili visivyofanana vimetiwa katika hesabu moja. Hoja hizi zikiachwa katika mstari mmoja, jibu litaiendea iliyo nyepesi. Mwandishi ataongeza miaka katika orodha ya matini, kazi ya alasiri moja, kisha ataandika "Imefanyika", na nafsi yake itamshuhudia kuwa namba ya 4 imekwisha.

Upande wa pili wa kanuni hiyo ni kuunganisha. Katika ukurasa wa 7 mhakiki wa pili alikuwa ameandika neno moja tu, "Nani?", na mshale ukielekea kwenye neno wasemavyo. Katika ukurasa wa 15 aliandika, "Mhariri wa gazeti je?" Yakitazamwa pekepeke, la kwanza laonekana kuwa swali la sarufi na la pili fumbo. Lakini yakiwekwa karibu na hoja ya kwanza ya namba ya 4, yote matatu ni hoja moja iliyovaa nguo tatu. Sentensi ya gazeti imepita mikononi mwa mhariri kabla ya kumfikia msomaji. Ikiwa zangu imeandikwa kwa mfululizo usio na hitilafu, yamkini mfululizo huo ni wa mhariri na wala si wa msemaji. Wahakiki wawili ambao hawakushauriana walikuwa wamegusa mahali pamoja. Katika jedwali ziliandikwa katika mstari mmoja, lakini vyanzo vyote vitatu vilitajwa, maana hoja iliyotajwa mara tatu haina uzito sawa na iliyotajwa mara moja, na kila mhakiki atakapotafuta alama yake sharti aione.

Sehemu ya jedwali ilipokamilika ilikuwa hivi:

| Na. | Chanzo | Maneno ya mhakiki | Hoja | Jibu lililokusudiwa |
|---|---|---|---|---|
| 4 | B1 namba 4, M07, M15 | "…wasemavyo Waswahili?", "Nani?", "Mhariri wa gazeti je?" | Ushahidi ni wa maandishi yaliyohaririwa, hitimisho ni la usemi. | Kubadili anwani na hitimisho (uk. 1, 7, 21) ziseme juu ya maandishi, kuongeza aya juu ya mkono wa mhariri (uk. 15). |
| 5 | B1 namba 4 | "…miaka yake haikutajwa" | Haijulikani matini ni ya wakati gani. | Kutaja mwaka wa kila matini katika kiambatisho. |
| 6 | B1 namba 4 | "…yamehesabiwa pamoja…" | Wanyama na jamaa huenda wana tabia mbalimbali. | Kuhesabu upya mafungu mawili; kutoa majedwali mawili (uk. 12 na 13). |
| 14 | M13 | (zangu limekatwa, wangu limeandikwa juu) | Mhakiki aona mfano "ng'ombe zangu wamepotea" ni kosa. | Kutobadili, kutaja chanzo na kueleza kwa nini mfano umebaki (uk. 13). |

Safu ya tatu na ya nne zafanana kwa mbali, na wengi hutaka kuziunganisha. Kuziunganisha ni hasara. Safu ya tatu ni ya mhakiki, nayo haiguswi hata ikiwa na kosa la herufi. Safu ya nne ni ya mwandishi, nayo ni tafsiri yake ya alichokielewa. Zikikaa mbalimbali, mtu mwingine aweza kulinganisha na kusema, "Hapa hukumwelewa." Zikiwa moja, tafsiri ya mwandishi huvaa kofia ya mhakiki, na kutoelewana hakuonekani mpaka barua ya pili ya wahakiki itakapokuja na hasira.

Safu ya tano ndiyo yenye mtihani. Neno kama "Itaangaliwa" au "Itaboreshwa" si jibu, kwa kuwa hakuna siku ambayo mtu aweza kusema kuwa limekwisha kutendwa. Jibu lililokusudiwa laanza na kitenzi cha kazi, kama kubadili, kufuta, kuongeza au kuhesabu, na lataja mahali. Kisha hupimwa na hoja iliyo kushoto kwake. Katika mstari wa 4 jibu la kwanza ambalo mwalimu aliliandika lilikuwa, "Kuongeza mifano 60 kutoka katika magazeti mengine." Lilikuwa na kitenzi, lilikuwa na kiasi, tena lilitekelezeka. Lakini lilipolazwa kando ya hoja, udhaifu wake ulionekana mara moja: mhakiki hakusema mifano ni michache, alisema mifano ni ya aina isiyoweza kuthibitisha lililodaiwa. Magazeti 60 yana wahariri kama magazeti 10.

Zilibaki njia mbili za kweli. Moja ilikuwa kuwaendea wasemaji, kuwarekodi wakizungumza juu ya jamaa zao na mifugo yao, na kunakili mazungumzo. Kazi hiyo yahitaji ruhusa, safari na miezi, wala haikuingia katika siku 30. Nyingine ilikuwa kulipunguza dai mpaka lilingane na ushahidi, makala iseme juu ya Kiswahili kilichochapwa na iishie hapo. Njia hii haikuwa na gharama ya fedha, lakini ilikuwa na gharama nyingine. Dai la wasemaji wote ndilo lililoipa makala fahari, na ndilo mwalimu alilokuwa akilitaja katika mihadhara yake. Alichagua njia ya pili. Mstari wa 4 katika jedwali ndio ulioandikwa kwa siku nyingi zaidi.

Mstari wa 14 ni wa namna nyingine. Mhakiki wa pili hakuandika sentensi. Alikata neno zangu katika mfano wa ng'ombe akaandika wangu juu yake. Sahihisho la penseli huonekana kama amri, na mkono wa mwandishi huelekea kutii bila kufikiri. Hapa utii ungeliharibu ushahidi. Sentensi ilinukuliwa kutoka katika kitabu, na nukuu haibadilishwi. Tena kuwako kwa zangu hapo, hali wengine huandika wangu, ndiko kulikokuwa kukichunguzwa. Walakini kukataa si kunyamaza. Hoja ya mhakiki yaonyesha kwamba msomaji stadi ameusoma mfano akaudhani kuwa kosa la chapa; basi ukurasa wa 13 umekosa maelezo. Jibu lilikuwa kutobadili mfano, na kuongeza sentensi mbili za kuutetea. Jambo hilo lilisaidiwa na mstari wa 6, kwa kuwa hesabu zilipotengwa, majina ya jamaa yalionekana yameshika njia moja karibu daima, hali majina ya wanyama katika wingi yaliyumba kati ya zangu na wangu. Katika hesabu ya pamoja kuyumba huko kulikuwa kumefunikwa.

Zilikuwako pia hoja mbili zilizopingana. Namba ya 2 ya barua ilitaka historia ya uchunguzi, kurasa 3 hadi 6, ipunguzwe. Pambizo la ukurasa wa 4 lilitaka iongezwe. Kupingana huku si ajabu, nako ni kwa zamani kama desturi yenyewe ya kuandika taarifa za uhakiki. Mwaka 1831 mwanazuoni William Whewell alipendekeza kwamba Jumuiya ya Kifalme ya London iwe ikipata taarifa za maandishi juu ya makala zinazoletwa kwake, na yeye pamoja na John Lubbock wakapewa makala ya George Airy juu ya mwendo wa Dunia na Zuhura. Wawili hao walitakiwa kutoa taarifa moja, lakini hawakuafikiana: Whewell alitaka kuonyesha ukubwa wa kazi, Lubbock alishughulika na dosari za hesabu zake. Tangu mwanzo, basi, wahakiki wawili wameweza kuitazama karatasi moja wakaona karatasi mbili.

Katika jedwali hoja zinazopingana hazifutani. Kila moja hupewa mstari wake, na katika safu ya jibu kila mmoja hutaja namba ya mwenzake. Mwalimu alizichunguza kwa kuuliza kila mhakiki alikosa nini katika kurasa hizo. Wa kwanza alichoshwa na muhtasari wa vitabu ambavyo havikutumika tena mbele. Wa pili alikosa maelezo ya jinsi wanasarufi waliotangulia walivyogawa ngeli. Basi upinzani ulikuwa wa maneno tu. Muhtasari ulikusudiwa kufutwa, maelezo ya ngeli yakakusudiwa kuongezwa, na kurasa nne zikawa tatu. Pale ambapo upinzani ni wa kweli, mwandishi hana haki ya kuuficha. Huchagua upande, hutoa sababu, na humwambia mhariri waziwazi kwamba wahakiki wametofautiana.

Kabla ya kulifunga jedwali ilifanywa hesabu. Hoja 9 za barua na alama 23 za pambizo ni 32, na kila moja kati ya hizo 32 ilitakiwa ionyeshwe ilikokwenda. Alama 3 zilikuwa za sifa; ziliandikwa kando, kwa kuwa sifa haihitaji jibu, lakini huonyesha aya ambayo si busara kuivunja. Alama 8 zilikuwa za tahajia. Zilikusanywa katika mstari mmoja. Zilibaki 21. Tatu kati yake, yaani namba ya 4 na alama za kurasa 7 na 15, zilizaa mistari mitatu. Nyingine 18 zilipata kila moja mstari wake. Jumla ilikuwa mistari 22. Hesabu kama hii ikikataa kulingana, pana hoja iliyoanguka njiani, na mara nyingi huwa ile iliyokuwa ukingoni mwa picha. Majibu ya mhariri yalikuwa yamefika wakati huo: neno la ukurasa wa 11 lilikuwa si, na mshale wa ukurasa wa 9 uliishia katika maneno "Linganisha na jirani", ambayo yalitaka mfano mmoja zaidi.

Lipo jaribio moja la mwisho, nalo halihitaji chombo ila kipande cha karatasi. Safu za maneno ya mhakiki na za hoja hufunikwa, na mtu ambaye hakuusoma mswada huombwa asome jibu peke yake, kisha akisie lilikuwa jibu la swali gani. Akikisia sawa, mstari hupita. Akikisia swali jingine, jibu hilo ni la swali hilo jingine. Katika mistari 22 ya mwalimu huyo, 19 ilipita mara ya kwanza. Mitatu iliyoanguka ilikuwa na majibu mazuri, yenye kazi na kurasa, lakini hayakuwa ya hoja zilizokuwa kando yake. Kila moja ilikuwa imeelekea kwenye jambo ambalo mwandishi alipenda kulifanya hata lau asingeliulizwa. Iliandikwa upya, na siku ya 17 marekebisho ya mswada yakaanza, mstari wa 4 ukiwa wa kwanza, kwa kuwa anwani mpya ilikuwa ikibadili sentensi katika kurasa nyingine zote.